Watu wane, dakika 12: hakuna kukatiwa sauti mbele ya juri

Sisi watu wa mine tunajua kupokezana posti: mwenye kutoka anamwambia mwenye kuingia fasi gani kazi imefika. Watoto wetu wanne wa masomo ya mine, hapa Kolwezi, walisahau ile desturi. Walikuwa na travaye ya kikundi juu ya kutoa maji katika shimo wakati wa mvua. Juri iliwapa dakika 12. Tulipowapimisha nyumbani, walitumia 17. Mwenye kusema mwisho, njo alibeba bei ya pompi na jibu lote, asingepata hata nafasi ya kufungua kinywa.

Shida ilionekana mbio. Walikuwa na diapo 22, zimejaa maandishi, na kila mutu aliyasoma yote. Tukabakisha 10. Katika kila diapo tukaacha jambo moja na picha ao hesabu yake. Maneno mengine tukayapeleka chini ya diapo, katika nafasi ya maandishi ya musemaji. Katika ordinatere inaonekana kwa Affichage, halafu Page de commentaires.

Pale juu ya maandishi tukatia mistari mitatu: jina la musemaji, saa ya kuanza na kumaliza, na neno la kupokeza. Wa kwanza, shida ya maji: 0:00 mpaka 2:00. Wa pili, vipimo: 2:00 mpaka 5:00. Wa tatu, kuchagua pompi: 5:00 mpaka 8:00. Wa ine, bei na jibu: 8:00 mpaka 11:00. Dakika moja inabakia kwa kupokezana. Saa inahesabiwa toka mwanzo wa kikundi, kusudi kila mutu ajue kama wamechelewa. Akifika 5:40 mahali pa 5:00, wa tatu anaruka mufano wake wa pili, wenye tulitia alama mbele.

Neno la kupokeza si «asante, sasa ni mwenzangu». Wa pili anasema: «Maji inaingia kwa kiasi hiki, pompi gani itaiweza? Mwenzangu atajibu.» Diapo yake inabakia kwenye ukuta mpaka mwenye kuingia asimame na abonyeze mwenyewe. Hivi hakuna kimya.

Mutego mumoja: ukipima saa kwa Vérification du minutage, mwisho mashini inauliza kama itunze ile saa. Ukikubali, siku ya juri diapo zitajigeuza zenyewe, musemaji angali katikati. Jibu Non, ao ondoa alama kwenye Utiliser le minutage.

Tena, projektere ikionyesha sawasawa na ordinatere, maandishi yako hutayaona. Na umeme unakatika. Kwa hiyo kila mutu alichapa Pages de commentaires zake, na namba ya diapo kubwa juu.

Mara ya tatu ya kujipima, walimaliza kwa 11:20. Bei ya pompi ilisikika.