Kumuuliza Mchapishaji Kanuni ya UNO

Barua pepe ya kumuuliza mchapishaji kanuni isiyoeleweka huanza na toleo. Karata za UNO, zinazotolewa na kampuni ya Mattel, zina matoleo mengi na kanuni zake hazifanani, kwa hiyo mwandishi hutaja jina lililo kwenye boksi, lugha ya kijitabu na ukurasa wenye utata.

Kisha huja tukio lenyewe. Kanuni ya kawaida ni kwamba karata ya +2 ikitupwa, anayefuata huchukua karata mbili na kupoteza zamu. Je, anaweza kujiokoa kwa kutupa +2 yake? Hapo ndipo ugomvi wa mezani huanzia.

Anayeuliza tu “+2 inachezwaje?” huenda akarudishiwa maneno yaleyale ya kijitabu. Swali zuri huwa hivi: “A ametupa +2. B ana +2 mkononi. Je, B anaruhusiwa kuitupa ili C achukue nne, au lazima B achukue mbili na zamu iende kwa C?” Jibu lolote kati ya hayo mawili humaliza ubishi. Habari za nani alinuna jana hazimsaidii mchapishaji.

Mwaka 2019 ukurasa rasmi wa UNO kwenye Twitter ulieleza kuwa aliyetupiwa +4 hawezi kuweka +2 juu yake: huchukua nne na zamu yake hurukwa. Mwenye swali la +2 juu ya +2 huutaja ufafanuzi huo, kisha huuliza kama msimamo ni huohuo.