Mkulima Haandiki "Nondo Mchimba Majani"

Tangu mwaka 2014 wakulima wa nyanya wa Tanzania na Kenya wanasumbuliwa na nondo mdogo wa kijivu, asili yake Amerika ya Kusini. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani, kisha hutoboa tunda. Wataalamu humwita Tuta absoluta. Mtafsiri akipewa makala ya Kiingereza kuhusu mdudu huyu, huenda akamwita "nondo mchimba majani ya nyanya". Kiswahili chake ni safi na maana iko sahihi, ila mkulima aliyesimama shambani na simu mkononi haandiki hivyo kwenye Google. Wa Tanzania huandika kantangaze.

Jina hilo huenda halimo kwenye kamusi yako. Utalisikia kwa muuza pembejeo, au kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima, wanapotuma picha za majani yaliyobabuka na kuulizana wapulize nini. Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri sentensi ya kwanza, kusanya majina yote ya kitu kinachozungumziwa, pamoja na tahajia zake, maana wengine huandika "kanitangaze".

Kisha yapime. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, ili historia yako mwenyewe isipotoshe majibu, uandike mwanzo tu wa swali: "dawa ya kan", halafu usubiri. Mapendekezo yanayojitokeza chini ya kisanduku hutokana kwa sehemu kubwa na yale ambayo watu wamekwisha kuyatafuta. Rudia kwa kila jina. Unaweza pia kulinganisha majina mawili kwenye Google Trends kwa kuchagua nchi, lakini elewa kipimo chake: 100 ni kilele cha utafutaji katika kipindi ulichochagua, si idadi ya watu. Kwa maneno mengi ya Kiswahili utaambiwa data haitoshi. Hiyo si dalili kwamba hakuna anayetafuta. Hapo rudi kwa muuza pembejeo.

Angalia pia matokeo yenyewe. Neno "tuta" peke yake ni mtego, kwa kuwa kwa Kiswahili tuta ni la kupandia viazi au la kupunguza mwendo barabarani. Ukiweka "tuta" tupu kwenye kichwa cha makala, unashindana na kurasa zisizohusu wadudu kabisa. "Tuta absoluta" kwa ukamilifu halina utata huo, tena litamfaa msomaji wa Kenya asiyelijua jina la kantangaze. Likae ndani ya makala, karibu na jina la mtaani.

Hadi hapa ni majina. Jambo ambalo wengi hulisahau ni swali lililobebwa na jina. Makala ya Kiingereza huenda inaanza na hatua za maisha ya mdudu: yai, kiwavi, bundo, nondo. Anayeandika "dawa ya kantangaze" anataka kujua apulize nini leo. Basi panga upya: jibu lije kwanza, likiwa na ukweli wake wote, kwamba mdudu huyu huzoea sumu haraka, hivyo mkulima abadilishe makundi ya viuatilifu na atumie mitego ya harufu inayonasa nondo dume. Hatua za maisha zifuate. Mpangilio huo unahitaji ridhaa ya mwenye makala, na mimi naona afadhali kuiomba kuliko kutoa tafsiri aminifu isiyosomwa na mtu.

Sasa liweke jina mahali pake. Kichwa kinaweza kuwa "Dawa ya kantangaze kwenye nyanya: jinsi ya kumzuia Tuta absoluta". Jina lirudi katika aya ya kwanza, katika maelezo ya picha na katika anwani ya ukurasa:

```
/sw/dawa-ya-kantangaze
```

Baada ya hapo andika kawaida. Kulirudia jina kila sentensi humchosha msomaji, na Google huhesabu mtindo huo kuwa ni hila.

Baada ya wiki kadhaa, fungua ripoti ya utendaji kwenye Search Console. Inaonyesha maneno yaliyowaletea watu ukurasa wako, mara ngapi ulionekana na mara ngapi ulibofywa, ingawa maneno yanayotafutwa na wachache sana hufichwa. Ukiona unajitokeza mara nyingi katika nafasi za juu bila kubofywa, kichwa hakimwambii mtu kwamba jibu lake limo, kibadilishe. Usipoonekana kabisa, huenda jina si lenyewe, au Google bado haijauingiza ukurasa kwenye orodha yake, jambo ambalo unaweza kulikagua humo humo. Wakianza kuja watu kwa jina ambalo hukuwahi kulisikia, liongeze kwenye makala siku hiyo hiyo.