Mshale uliojificha kati ya E na x

Mwanafunzi wa usanifu aliyepiga picha nembo ya FedEx ubavuni mwa gari aangalie kwanza sehemu isiyo na rangi, kati ya E na x. Uwazi mweupe ulio kati ya mkono wa kati na wa chini wa E ndio mpini wa mshale, na pembe ya kushoto ya x inachonga ncha yake. Ukiifunika x kwa kidole, ncha inapotea.

Lindon Leader alibuni nembo hiyo mwaka 1994, akiwa kampuni ya Landor. Hakuchukua herufi zilizopo akazipanga tu: alichanganya sifa za Univers na Futura, akaikuza x mpaka kitovu chake kikalingana na uwazi ule wa E. Mshale unamaanisha kwenda mbele, kwa kasi na bila kukosea njia.

Wengine huona pia kijiko ndani ya e ndogo. Umbo lipo kweli, lakini halina uhusiano wowote na kusafirisha vifurushi. Mshale una uhusiano huo, tena katika nembo ya Kiarabu umegeuzwa uelekee kushoto, kufuata usomaji.