Nani Anayo Namba Mpya? Safari ya Ujumbe Ndani ya Prosesa ya Viini 64

Chukua prosesa yenye viini 64, vilivyohesabiwa kuanzia 0 hadi 63. Kila kiini kina kashe yake, yaani hifadhi ndogo ya kasi inayoweka nakala za data iliyotumika karibuni. Kiini 5 kinataka kusoma namba iliyo kwenye anwani 0x12480. Kinatazama katika kashe yake na kuikosa. Kumbukumbu kuu ya kompyuta inayo namba hiyo, lakini imepitwa na wakati: kitambo kidogo kabla, kiini 41 kiliibadilisha, na thamani mpya ingali ndani ya kashe ya kiini 41 peke yake. Kiini 5 kikisoma kumbukumbu kuu, programu itaendelea na hesabu yake kwa namba iliyokwisha kufa, wala hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Kitajuaje basi kwamba namba mpya iko kwa kiini 41?

Njia ya kwanza ni kuuliza wote. Mwaka 1983 James Goodman, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichapisha makala iliyoonyesha namna kashe kadhaa zilizofungwa kwenye njia moja ya pamoja zinavyoweza kuchungana zenyewe. Kiini kinachokosa data hupiga mbiu kwenye njia hiyo, na kashe nyingine zote hutega sikio. Kila moja hukagua orodha yake. Yenye thamani mpya hujitokeza na kuitoa, na zikiwa zote hazina, kumbukumbu kuu hujibu. Huo ndio mfumo wa udukizi.

Udukizi una uzuri wake. Hakuna anayelazimika kuweka kumbukumbu za nani ana nini. Zaidi ya hapo, njia ya pamoja hubeba mbiu moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kashe zote huzisikia kwa mpangilio uleule. Viini viwili vikitaka kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, kitakachoipata njia kwanza ndicho cha kwanza, na wote watakubaliana hivyo. Kwa viini vinne au vinane, ni vigumu kupata mpango ulio mwepesi kuliko huu.

Ugumu huanza idadi ya viini inapopanda. Tuseme kila kiini kinakosa data mara milioni 10 kwa sekunde. Viini 64 vitapiga mbiu milioni 640 kwa sekunde, na kila kashe italazimika kukagua orodha yake kwa ajili ya mbiu milioni 630 za wenzake. Katika prosesa inayokwenda mapigo bilioni 2 kwa sekunde, huo ni ukaguzi mmoja karibu kila baada ya mapigo matatu, na mara nyingi jibu ni "sina". Ukiongeza viini mara mbili, mbiu zinazomfikia kila mmoja nazo huongezeka mara mbili, hata kama mwenyewe hajaongeza kazi yoyote. Hakuna njia moja ya pamoja inayoweza kubeba mzigo huo.

Njia ya pili ilielezwa mapema zaidi. Mwaka 1978 Wafaransa wawili, Lucien Censier na Paul Feautrier, walipendekeza kwamba kando ya kila bloku ya kumbukumbu kuwe na maandishi yanayosema ni kashe zipi zina nakala yake. Maandishi hayo ndiyo daftari. Anayekosa data hapigi mbiu tena. Anakwenda kwa mtunza daftari na kuuliza.

Lakini daftari moja katikati ya prosesa lingekuwa foleni nyingine. Kwa hiyo hugawanywa. Data husafirishwa kwa bloku za baiti 64, na kila bloku hupewa kituo chake cha nyumbani kutokana na anwani yake. Katika mfano wetu, 0x12480 ni 74,880 katika hesabu ya kawaida. Gawa kwa 64 upate bloku namba 1,170. Gawa 1,170 kwa 64 tena, na kinachobaki ni 18. Kituo cha 18 ndicho nyumbani kwa bloku hii, na kila kiini kinaweza kufanya hesabu hiyo bila kumwuliza mtu. Zile mara milioni 640 za kukosa data sasa zinagawanyika kati ya vituo 64, karibu maombi milioni 10 kwa kila kituo, ilimradi anwani zimetawanyika vizuri.

Ukurasa wa daftari kwa bloku moja ni mfupi. Unataja hali ya bloku: haina mwenye nakala, au ina wasomaji, au imebadilishwa na yuko mmiliki mmoja. Kisha zinafuata biti 64, moja kwa kila kiini, ikiwa 1 kwa mwenye nakala na 0 kwa asiye nayo.

Tufuate sasa ombi la kiini 5. Kama bloku isingekuwa imebadilishwa na mtu, safari ingekwisha kwa jumbe mbili: ombi kwenda kituo cha 18, na data kurudi. Kituo kingewasha biti ya kiini 5 na kazi ingeishia hapo. Katika kisa chetu, hata hivyo, daftari linasema bloku imebadilishwa na mmiliki wake ni kiini 41. Jumbe ni nne. Hapa K ni kiini na N ni kituo cha nyumbani:

```
1. K5  -> N18 : GetS
2. N18 -> K41 : Fwd-GetS
3. K41 -> K5  : Data
4. K41 -> N18 : Data
```

Ujumbe wa kwanza ni ombi la kusoma. Wa pili ni ombi lilelile, likielekezwa kwa mmiliki pamoja na jina la aliyeomba. Kiini 41 hutuma data moja kwa moja kwa kiini 5 bila kuirudisha kwanza nyumbani, na hapo kiini 5 kinaweza kuendelea na kazi. Ujumbe wa nne husafiri sambamba na wa tatu, ukipeleka thamani mpya nyumbani. Mwishoni daftari linabadilika: bloku sasa ina wasomaji wawili, biti za 5 na 41 zote ni 1, na kiini 41 hakiruhusiwi tena kuandika humo mpaka kiombe upya.

Jumbe nne mahali pa ukaguzi 63 ni nafuu kubwa. Hata hivyo daftari linadai malipo yake, nayo ni mzunguko. Tuvipange viini katika mraba wa mistari minane yenye viini vinane kila mmoja, ujumbe ukipita kutoka jirani hadi jirani. Kutoka 5 hadi 18 ni hatua 5, kutoka 18 hadi 41 ni hatua 4, na data kutoka 41 hadi 5 ni hatua 9. Jumla ni hatua 18, sawasawa na kama kiini 5 kingekwenda kwa 41 moja kwa moja na kurudi, kwa sababu kituo cha 18 kimeangukia njiani. Lakini nyumbani kungekuwa kituo cha 63, kule pembeni, ombi lingekwenda hatua 9, kisha 8, kisha data hatua 9. Hizo ni 26. Kwa mashine ya viini vinne, ambako mbiu moja humfikia kila mtu papo hapo, mzunguko huo ni gharama isiyo na faida.

Gharama hii ilipimwa kwenye mashine halisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, kundi lililowajumuisha Daniel Lenoski, James Laudon, Anoop Gupta na John Hennessy lilijenga DASH, kompyuta iliyopangwa kwa makundi 16 ya prosesa nne nne. Ndani ya kundi walitumia udukizi, na kati ya makundi walitumia daftari. Data iliyopatikana ndani ya kundi ilichukua takriban mapigo 30. Iliyotoka kituo cha nyumbani cha mbali ilichukua takriban 100. Iliyobidi kuelekezwa hadi kwa mmiliki katika kundi la tatu ilichukua takriban 130.

Tatizo linalowatesa wabunifu zaidi ni jumbe kupishana njiani. Hakuna tena njia moja ya pamoja inayopanga foleni. Tuseme kiini 41, kwa kuhitaji nafasi, kinaitoa bloku yake na kuituma nyumbani wakati uleule ambapo kituo cha 18 kimekwisha kuelekeza ombi kwake. Ombi linafika na kukuta bloku imeondoka. Kiini 41 kikilipuuza, kiini 5 kitasubiri milele na mashine itaganda. Dawa moja ni kumtaka kiini 41 abaki na nakala pembeni hadi nyumbani wathibitishe kuipokea, ili ombi lililochelewa bado lipate jibu. DASH ilichagua dawa nyingine: mwombaji huambiwa "sinayo" na hurudia ombi lake. Vilevile majibu hupewa njia zao mbali na maombi, maana jibu likikwama nyuma ya maombi yanayolisubiri jibu hilohilo, hakuna atakayesogea.

Kisha kuna ukubwa wa daftari lenyewe. Bloku ya baiti 64 ina biti 512, na biti 64 za daftari ni nyongeza ya asilimia 12.5. Kwa viini 1,024, maandishi yangekuwa mara mbili ya data yenyewe. Ndiyo maana prosesa nyingi za leo huandika tu bloku zilizomo ndani ya kashe wakati huo, si kumbukumbu kuu nzima. Mwaka 2009 AMD ilifanya hivyo katika prosesa ya seva ya viini sita, Opteron iliyoitwa Istanbul: kati ya megabaiti 6 za kashe ya pamoja, moja ilitengwa kwa daftari. Kashe ya data ilipungua, lakini katika seva yenye prosesa kadhaa mbiu nyingi zisizo na faida zilikoma.

Mwandishi wa programu anaweza kuiona safari hii ya jumbe nne kwenye mashine yake. Katika Linux, amri `perf c2c record` hukusanya matukio, na `perf c2c report` huonyesha bloku ambazo kiini kimoja kilizisoma kikazikuta zimebadilishwa ndani ya kashe ya kingine. Kwenye ripoti matukio hayo huandikwa HITM. Mara nyingi mkosaji ni vihesabio viwili visivyohusiana, kila kimoja cha kiini chake, vilivyowekwa ndani ya bloku moja ya baiti 64. Vikitenganishwa ili kila kimoja kikae katika bloku yake, idadi ya HITM kwa bloku hizo hushuka, na viini havivutani tena.