Kipimo Kinachohama Machoni

Chukua mabeseni matatu: moja la maji ya moto yanayovumilika, jingine la maji baridi, la tatu la maji vuguvugu. Tia mkono mmoja katika la kwanza na mwingine katika la pili, subiri kidogo, kisha itie yote miwili katika la tatu. Mkono mmoja utasikia baridi, mwingine joto, ilhali maji ni yale yale. Hukumu inapopotoshwa hivi na kile kilichotangulia, tunaiita athari ya mlinganisho.

Sura nazo hupimwa hivyo. Mwaka 1980, wanasaikolojia wa Marekani Douglas Kenrick na Sara Gutierres walieleza jinsi wanafunzi wa kiume walivyoombwa kukadiria uzuri wa msichana mmoja kwa picha. Waliokuwa wakitazama tamthilia ya televisheni yenye waigizaji warembo walimpa alama za chini kuliko wenzao. Msichana hakubadilika, kilichohama ni kipimo.

Je, tunapojipima wenyewe? Mwaka 1983, Thomas Cash na wenzake waliwaonyesha wanawake picha za wanawake wengine. Walioona warembo walijiona wa kawaida zaidi kuliko walioona sura zisizovutia sana. Lakini warembo walipotambulishwa kuwa wanamitindo wa kulipwa, anguko hilo halikutokea. Kwangu hapa ndipo penye kiini cha jambo: anayetuumiza ni yule tunayemhesabu kuwa mwenzetu.

Sasa fikiria binti anayejiandaa kwenda harusini. Kwa nusu saa amepitia picha za binamu na marafiki aliosoma nao. Kila picha imechaguliwa miongoni mwa nyingi, ngozi imelainishwa, pua imepunguzwa. Haina dalili yoyote ya tangazo. Ni ya mtu anayemjua kwa jina. Akiinua macho kwenye kioo, chini ya taa ya bafuni, anajipima kwa uso ambao hata binamu mwenyewe hana.

Je, onyo la maandishi lingemsaidia? Ufaransa, tangu 2017, picha za matangazo zilizobadilishwa umbo la mwili lazima ziandikwe kuwa zimerekebishwa. Hata hivyo, majaribio mengi yameona kwamba maandishi ya aina hiyo hayapunguzi sana maumivu. Nadhani ni kwa sababu jicho huwa limeshachukua kipimo, na neno halikirudishi.

Kilichoonyesha nafuu ni picha nyingine. Mwaka 2020, watafiti wa Australia Marika Tiggemann na Isabella Anderberg waliwaonyesha wanawake picha mbili za mtu yule yule, ya kupendezeshwa na ya hali halisi, kando kwa kando. Walioziona hizo hawakuchukia miili yao kama walioona za kupendezeshwa peke yake.

Basi binti yetu aiweke simu kando kabla ya kuvaa, si baada. Kama tayari ameshatazama, asiamue lolote kuhusu uso wake mbele ya kile kioo. Atoke kwanza aende ukumbini kwa shangazi na majirani, akae nao, macho yazoee tena nyuso zisizoguswa.