Kijani cha mchana hakisomeki usiku

Vijana fulani wa Kisauni wana programu ya kuuzia samaki, nayo bei zote wameziandika kwa kijani `#1B5E20`. Nilipopima tofauti ya mwangaza juu ya weupe, nilipata kama 7.9 kwa 1, yaani yasomeka vyema. Walipoongeza hali ya giza, `#121212`, ikashuka hadi 2.4, na kanuni za WCAG zataka 4.5 kwa maandishi ya kawaida. Bei zikamezwa na giza.

Wakaanza kurekebisha ukurasa mmoja mmoja, kazi isiyokwisha. Mimi naona rangi ipewe jina la kazi yake, `rangi-bei`, si "kijani". Kurasa zote ziite jina hilo. Mchana liwe `#1B5E20`, usiku `#81C784`, ambayo hufika 9.3. Penye nambari ya rangi iliyoandikwa moja kwa moja ukurasani, hapo ndipo patakapoharibika usiku.