Friji Ile Ile, Uniti Chache

Anayetaka kujua friji yake inakula umeme kiasi gani hahitaji fundi. Saa nne usiku azime kila kitu isipokuwa friji, aandike uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, kisha asome tena saa kumi na mbili asubuhi.

Tuchukue mfano wa nyumba moja Mbagala ambako zimepungua uniti 0.6. Kwa saa 24 ni 1.8, kwa mwezi 54, na hapo mchana, watoto wanapofungua mlango kila dakika, bado haujahesabiwa. Kwa mteja wa D1, anayelipa shilingi 100 kwa uniti 75 za mwanzo na 350 kwa kila inayozidi, friji peke yake imeshameza zaidi ya theluthi mbili ya zile za bei nafuu.

Chanzo mara nyingi ni mahali iliposimama. Friji hunyonya joto la ndani na kulitupa nje kupitia mabomba yaliyo nyuma au, kwa nyingi za kisasa, ndani ya kuta za ubavuni. Ndiyo maana ubavu huwa wa moto. Ikibanwa ukutani kando ya jiko la gesi, joto halina pa kwenda na kompresa hukosa mapumziko. Kuivuta sentimita 10 kutoka ukutani, kuacha nafasi ubavuni na kufuta vumbi la nyuma ikiwa imechomolewa, ni kazi ya nusu saa. Kile kitambaa cha maua kinachoning'inia hadi ubavuni nacho kiondoke, hata kama mama mwenye nyumba atanuna.

Kisha mpira wa mlango. Noti ya shilingi elfu moja ikifungiwa mlangoni inapaswa kugoma ikivutwa. Ikichomoka kirahisi, hewa ya joto inaingia hapo hapo. Jaribio hilo lifanywe pande zote nne, hasa pembeni. Mara nyingi kosa ni uchafu tu: maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani kwenye mikunjo hutosha. Mpira uliopinda hulainika kwa kitambaa cha maji moto, ukarudi umbo lake. Uliochanika hubadilishwa.

Linabaki swichi la baridi. Namba 1 hadi 7 si nyuzi joto. Kwa kawaida kubwa ndiyo baridi zaidi, na wengi huiacha 7 mwaka mzima. Kipimajoto kikilazwa usiku kucha ndani ya glasi ya maji, rafu ya kati, kisome nyuzi 4 hivi. Kikisoma 1, swichi lishushwe namba moja, lipimwe tena kesho yake. Lakini kisizidi 5, maana nyama na maziwa vitaharibika. Na kikisoma 8 huku swichi likiwa mwisho, mpira ukiwa mzima na vumbi limetoka, hapo fundi aitwe akague gesi.